Maumivu ya Muundi kwa Wakimbiaji: Mkazo au Ufa?

Mkimbiaji anayeongeza umbali ghafla, tuseme kutoka kilomita 15 kwa juma hadi 30, huweza kupata maumivu kwenye ukingo wa ndani wa muundi. Kabla ya kununua dawa ya kuchua au viatu vipya, apapase ukingo huo kwa kidole. Maumivu yakienea sentimita 5 au zaidi, na kupungua mwili unapopata joto, yaelekea ni mkazo wa mfupa na utando wake. Yakikusanyika mahali padogo, yakizidi kadiri anavyokimbia, au yakiuma hata usiku, huenda mfupa umepata ufa: aache kukimbia na amwone daktari. Eksirei ya majuma ya mwanzo huweza kutoonyesha ufa huo. Hivyo picha safi peke yake si idhini ya kukimbia.

Asiye na dalili za ufa apumzishe mbio hadi aweze kutembea dakika 30 bila maumivu. Kisha akimbie dakika 1 na kutembea dakika 2, mara 8, akipumzika siku moja kabla ya kurudia. Maumivu yakibaki hadi asubuhi inayofuata, apunguze. Yakizidi kukaza mahali pamoja, apimwe.