Hatua 8,000 Ni Mwendo Gani?

Watu wawili wakiambiwa kila mmoja atembee hatua 8,000 kwa siku, hawatafika mbali sawa. Mrefu atamwacha mfupi karibu nusu kilomita au zaidi. Lakini kama miguu yao inapiga hatua kwa kasi moja, watamaliza kwa muda uleule. Umbali unafuata urefu wa hatua, na muda unafuata idadi ya hatua kwa dakika. Wengi huyachanganya haya mawili, kisha wanashangaa hesabu inapokataa.

Hatua moja hupimwa kuanzia kisigino cha mguu mmoja hadi kisigino cha mguu wa pili. Angalia hapo, kwa maana baadhi ya saa na programu za simu hutaka kipimo cha hatua mbili, yaani kisigino cha kulia hadi kisigino kilekile cha kulia kinapokanyaga tena. Ukikosea hapo, umbali wako wote utakuwa mara mbili au nusu ya ule wa kweli.

Kwa kukadiria, kimo huzidishwa kwa 0.413 kwa wanawake na 0.415 kwa wanaume. Tofauti ya namba hizo mbili ni ndogo mno, ukitumia 0.41 kwa wote hutaharibu kitu. Kama unajua kimo chako kwa futi tu, geuza kwanza: inchi moja ni sentimita 2.54.

Tuchukue mama wa futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160. Ukizidisha kwa 0.413 unapata sentimita 66. Hatua 8,000 kwake ni mita 5,280, kilomita 5 na ushee. Mwanamume wa sentimita 178 ana hatua ya sentimita 74, na hatua 8,000 zitamfikisha kilomita 5.9.

Sasa muda. Mtu mzima anayetembea kwa kuchangamka hupiga takriban hatua 100 kwa dakika, na wataalamu wengi huanzia hapo kuhesabu kwamba mwili unafanya mazoezi. Gawanya 8,000 kwa 100, unapata dakika 80, kwa mama huyo na kwa mwanamume yule pia.

Hata hivyo 66 ni makadirio, wala si kipimo cha mguu wake. Watu wa kimo kimoja hawana miguu ya urefu mmoja, na mtu yuleyule hufupisha hatua akipanda mlima, akipita kwenye mchanga, akibeba mzigo au akizunguka jikoni. Kosa la sentimita 5 tu huzaa mita 400 katika hatua 8,000. Kwa hiyo nampeleka mama wetu kwenye uwanja wenye njia ya kukimbilia, ambapo mzunguko mmoja kwenye mstari wa ndani kabisa ni mita 400. Anatembea kwa mwendo wake wa kawaida, anahesabu hatua na kuangalia saa. Anamaliza mzunguko kwa hatua 640 na dakika 6. Mita 400 ukigawa kwa 640 ni sentimita 62.5, wala si 66. Na kasi yake ni hatua 107 hivi kwa dakika. Hatua zake 8,000 ni kilomita 5 kamili. Ile 5.28 ilikuwa imempunja ukweli.

Asipate uwanja wa namna hiyo, kamba iliyopimwa mita 20 kwenye barabara tambarare inatosha, mradi aanze kutembea kabla ya alama ya kwanza na apite alama ya pili bila kupunguza mwendo. Arudie mara kadhaa, kisha achukue wastani.

Jambo linalosahaulika ni kwamba hazianzi kuhesabiwa uwanjani. Tuseme kazi za nyumbani na dukani zimempa hatua 3,500 kufikia jioni. Zimebaki 4,500, na hizo ndizo za kutafutia nafasi. Kila mzunguko una 640, kwa hiyo mizunguko 7 ni hatua 4,480: kilomita 2.8, dakika 42. Lengo lake limekuwa mizunguko saba baada ya kazi, kitu anachoweza kukipanga.

Zile 3,500 za mchana asizigeuze kuwa kilomita kwa kipimo cha uwanjani, kwa sababu hatua za ndani ya nyumba ni fupi na za kusimamasimama. Azihesabu kama hatua tu.

Na wewe unayetumia simu, fungua sehemu ya taarifa zako uone kimo kilichoandikwa humo. Programu nyingi hukadiria kilomita kutokana na namba hiyo. Kama uliiweka kwa kubahatisha, isahihishe leo, na pale inaporuhusu, andika urefu wa hatua uliopima mwenyewe.