Nyota 1 za Usiku wa Jumatano

Eksibisheni za Luthuli wasee wamebanana kinoma. Kastoli kamoja kana kioo na kiti, na ukigeuka tu uko kwa fundi mwingine anafanya kazi ile ile. Hapo mteja hachagui na macho, anachagua na simu. Anacheki Google Maps, anaona nani ako na nyota ngapi, ndio apande ngazi. Sasa chukulia fundi mmoja boy wangu, mse wa Samsung na Tecno peke yake. Alikuwa na rivyu 40, wastani 4.8. Akabandika bango la bei mpya ya skrini Jumatatu. Kufika Ijumaa asubuhi zimeingia rivyu 7 za nyota moja moja, na wastani umeteremka hadi 4.2. Ukiwa na rivyu elfu moja, 7 hazikubambui. Ukiwa na 40, umekwisha, juu wa 4.6 ako mlango wa pili.

Boy alikuwa anataka kujibu na matusi. Tukamkalisha chini, tukazisoma moja moja.

Kitu ya kwanza ilikuwa masaa. Kwa skrini utaona tu "wiki iliyopita", haikuambii lolote, lakini mwenye biashara hutumiwa imeili kila rivyu ikiingia, na imeili iko na saa. Tano ziliingia Jumatano usiku, kati ya saa tatu na saa nne, time mafundi wameshafunga wako njiani. Mteja aliyechomwa haandiki na ratiba hivyo. Mwingine huwaka akiwa bado kwa ngazi, mwingine hungoja mpaka simu imsumbue. Na kila kasoro iko na kalenda yake: skrini mbovu utaijua siku hiyo hiyo ama wiki hiyo, lakini betri feki itakudanganya wiki kadhaa kabla ianze kuisha saa sita mchana. Kwa hivyo ukiona mtu wa betri, wa skrini na wa chaji wote wamekasirika ndani ya lisaa limoja, si kawaida.

Lakini usirukie hapo. Malalamiko ya ukweli pia huja kwa kundi. Fundi akinunua boksi moja ya skrini mbovu, wateja wake wa hiyo wiki wote wataumia. Tofauti ni hii: hao wataongea kasoro moja kwa midomo tofauti. Mmoja atasema simu inajibonyeza, mwingine atasema inaandika vitu hajaandika, wa tatu atasema inapigia watu simu usiku. Kundi la kupandwa ni kinyume. Kasoro ni tofauti kabisa, lakini lugha ni moja: "wezi", "msiende", "nilipoteza pesa zangu", hadi alama za mshangao zinafanana.

Kwa zile tano, moja ilisema aliibiwa betri orijino ya iPhone. Boy hagusi iPhone, imeandikwa kwa mlango. Nyingine ilisema alienda Jumapili, siku hako kastoli hufungwa. Ya tatu ilimaliza kwa kuelekeza watu ghorofa ya juu, kwa "mafundi wanaojua kazi". Hizo zilijimaliza bila msaada.

Ile tamu ilikuwa ya nne. Iliandikwa vizuri, haina matusi, inasema huyu fundi "anaweka TFT kwa bei ya OLED". Mtu wa kawaida akisoma anaona hapa kuna mjuaji, lazima ni ukweli. Mimi hapo ndio nilishuku. Mteja haoni TFT. Mteja anaona rangi zimefifia, anaona nyeusi imekuwa kijivu, anaona kidole hakishiki. Yeye husimulia maumivu, fundi ndiye hutaja ugonjwa. Rivyu ikitaja jina la pati na haisemi simu ilikuwa gani, ililetwa lini, ama ilimsumbua aje mwenyewe, jua imeandikwa na mtu amekaa upande wa ndani wa kioo. Bado si ushahidi kamili, kuna wateja wamesomea hizo vitu YouTube. Ni rada tu.

Ndio tukafungua profaili. Bonyeza jina la mwenye rivyu, utaona kila pahali ameandika, kama hajaficha. Akaunti nne kati ya tano zilikuwa zimepeana nyota 5 kwa duka moja hapo juu, wiki hiyo hiyo. Akaunti moja kufanya hivyo si dhambi, mtu akichomwa huku huhamia kule na kusifu. Nne, na hazina rivyu ingine popote? Hapo hata mamako ataelewa.

Na usidhani hii ni michezo ya wasee wa stoli tu. Mwaka wa 2013 tume ya ushindani wa haki ya Taiwan iliipiga Samsung faini ya dola milioni 10 za Taiwan, juu ya kulipa watu waandike vibaya mtandaoni kuhusu simu za HTC.

Sasa rivyu ya sita, hiyo ilimfanya boy anyamaze. Jamaa alisema alileta A50 Jumamosi mchana, akapewa kiti akangoja, skrini ikawekwa na inaonekana poa, lakini tangu siku hiyo kidole hakifungui simu. Alipiga simu, akaambiwa atumie namba za siri tu, atazoea. Ona vile iko. Kuna siku, kuna simu, kuna kitu amesifu, na kuna jibu la ujeuri ambalo hakuna mtu angebuni. Na kasoro yenyewe ni ya ukweli kabisa: A50 inasoma kidole kupitia kwa skrini, inahitaji mwanga wa OLED, na zile skrini za bei ya chini za TFT haziwezi. Boy aliingia kwa meseji za M-Pesa za Jumamosi akaona malipo. Akajibu hapo hapo, bila kutaja namba ya mtu, kwamba alipaswa kumwambia kabla ya kuweka, na arudi wabadilishe, amalizie tu tofauti ya bei. Jamaa alirudi Jumanne. Alisema tu sawa.

Kwa zile tano jibu lilikuwa fupi na la heshima: simu ilikuwa aina gani, uliileta siku gani? Mteja wa ukweli atarudi na hasira na majibu. Hao watano walilala. Halafu akaziripoti moja moja, akieleza kuhusu nyota 5 za duka moja, juu sera ya Google inakataza kuandika kuhusu mshindani wako ili umshushe. Kusema "ni uongo" peke yake haisaidii, Google haiamui nani alikosea kwa ugomvi wa fundi na mteja. Tatu zilitolewa. Mbili bado ziko, na majibu yake chini yake.

Ya saba ni nyota moja bila neno, akaunti ya miaka, rivyu za hoteli na petroli stesheni kila mahali, iliingia Alhamisi saa saba mchana. Inaweza kuwa mteja aliyengojeshwa sana, inaweza kuwa kidole kiliteleza. Boy ameiacha.