Kripto Kwenye Tovuti za Kubeti: Mbona Hatuwezi Kukurudishia?

Kuna swali ambalo wahudumu wetu huulizwa na wateja: “Nilinunua kripto kwa simu, nikaituma kwa tovuti ya kubeti, na haijafika. Mnaweza kurudisha hiyo pesa?” Jibu huwa ni hapana. Tueleze kwa nini, na pia kile unachoweza kuangalia kabla ya kutuma.

Pesa yako hupita mikono mitatu. Kwanza, unamlipa muuzaji wa kripto kwa simu. Pili, kripto inaingia kwenye akaunti yako ya kripto. Tatu, wewe mwenyewe unaituma kwa anwani ya tovuti ya kubeti. Sisi tunaona hatua ya kwanza pekee, na hapo hakuna kosa: muuzaji alilipwa na akakupa ulichonunua. Ukiomba turudishe pesa hiyo, utakuwa unamnyang'anya mtu haki yake. Kosa huwa liko hatua ya tatu, ambapo hakuna kampuni inayoweza kusimamisha muamala. Ukishathibitishwa, umekwisha.

Tuchukue mfano. Mteja ananunua USDT 50 kwa KSh 6,500. USDT ni sarafu inayolenga kukaa karibu na dola moja, kwa hivyo anaona hana wasiwasi wa bei. Tovuti inampa anwani inayoanza na 0x na kumwambia atumie mtandao wa ERC20. Akifika mahali pa kutuma, anaona mtandao mwingine, BEP20, una ada ya chini. Anauchagua ili aokoe pesa kidogo.

Shida ni kwamba anwani za ERC20 na BEP20 zina muundo ule ule, zote huanza na 0x. Programu yake haikatai. Baada ya dakika chache anaona “Completed”, lakini kwa tovuti salio ni sufuri. Angekuwa amechagua TRC20, ambayo anwani zake huanza na herufi T, programu ingekataa mara moja na kosa lingegunduliwa mapema.

USDT zake hazijapotea hewani. Zimekaa kwenye anwani ile ile, ila kwa mtandao ambao tovuti haiuangalii. Mwenye ufunguo wa anwani hiyo ni tovuti, kwa hivyo ni wao tu wanaoweza kuzitoa. Wengine hutoza ada kubwa, wengine hukataa kabisa. Na tovuti nyingi za aina hii zimesajiliwa nje, kwa mfano kisiwa cha Curaçao, kwa hivyo kulalamika ukiwa Kenya si rahisi.

Ukijikuta hapo, nakili namba ya muamala iliyoandikwa TXID. Itafute kwenye etherscan.io ikiwa ulitumia ERC20, au bscscan.com ikiwa ni BEP20. Utaona pesa ilifika wapi, kisha uwaandikie tovuti ukiwatumia namba hiyo. Akitokea mtu mtandaoni akisema atakurudishia ukimlipa kwanza, au akiomba yale maneno 12 ya siri ya pochi yako, huyo ni tapeli.

Hata pesa ikifika salama, kuna hatari ya bei, hasa ukituma Bitcoin. Tovuti zingine hubadilisha sarafu yako kuwa dola papo hapo. Zingine huacha salio likiwa Bitcoin. Sasa piga hesabu: umeweka Bitcoin ya KSh 10,000, ukabeti vizuri na salio likaongezeka kwa asilimia 10. Wiki hiyo hiyo bei ya Bitcoin ikashuka kwa asilimia 20. Ukitoa, unapata KSh 8,800. Umeshinda kubeti, lakini umepoteza KSh 1,200, na bado hujalipa ada ya kutoa. Na kushuka hivyo si hadithi: tarehe 12 Machi 2020, Bitcoin ilipoteza zaidi ya thuluthi moja ya bei yake kwa siku moja tu.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza kutuma, linganisha jina la mtandao pande zote mbili, neno kwa neno. Soma anwani yote, usiangalie mwanzo tu. Angalia kiwango cha chini cha kuweka, kwa sababu tovuti zingine haziingizi pesa iliyo chini yake na hazirudishi. Kama kiasi ni kikubwa, tuma kwanza kile kiwango cha chini, ungoje kionekane kwenye salio, ndipo utume kingine. Utalipa ada mara mbili, ndiyo, lakini kosa likitokea litakula kidogo tu.

Na ukikosea namba unapotuma pesa kwa simu, tupigie mara moja. Hiyo tunaweza kushughulikia.