Msuli Unavyokaza: Safari ya Amri kutoka kwenye Neva hadi Miosini

Mtu anapokunja mkono kuinua ndoo ya maji, msuli wa mbele ya mkono wa juu hukaza kwa amri ya umeme iliyotoka kwenye ugwe mgongo. Amri hiyo husafiri ndani ya neva hadi kwenye ncha zake, na kila ncha hukaribiana mno na seli moja ya msuli bila kuigusa. Kati yao hubaki mwanya wa takriban nanomita 50, na umeme wenyewe hauvuki hapo.

Kinachovuka ni kemikali. Umeme ukifika kwenye ncha ya neva, milango ya kalsiamu hufunguka, ayoni za kalsiamu huingia, na vifuko vidogo vilivyojaa asetilikolini humwaga shehena yake kwenye mwanya. Molekuli hizo hunasa kwenye vipokezi vya upande wa pili, sodiamu hukimbilia ndani ya seli ya msuli, na chaji ya ndani, iliyokuwa karibu milivolti 90 chini ya sifuri, hupanda ghafla hadi juu ya sifuri. Amri imekuwa umeme tena. Muda mfupi sana baadaye kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi huivunja asetilikolini ili amri moja isijirudie. Baadhi ya viuatilifu vya shambani hukizuia kimeng'enya hiki; ndiyo maana aliyedhurika navyo huweza kutetemeka misuli, kisha ikaishiwa nguvu, hata ile ya kupumulia.

Umeme huo mpya husambaa juu ya utando wa seli na kuzama ndani kupitia vifereji vya T. Pembeni mwa vifereji hivyo kuna ghala la kalsiamu, yaani retikulamu ya sakoplazimu. Protini iliyo kwenye ukuta wa kifereji huhisi badiliko la umeme, hujipinda, na kufungua mlango wa ghala. Kalsiamu humwagika, na kiwango chake kuzunguka nyuzi za msuli huongezeka takriban mara 100.

Nyuzi hizo ni za aina mbili, zimepangwa kwa kupishana ndani ya vipande viitwavyo sakomea, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikromita 2 hivi. Nyuzi nyembamba ni za aktini, na nene ni za miosini, zenye vichwa vingi vilivyochomoza. Msuli unapopumzika, uzi wa tropomiosini hulala juu ya sehemu za aktini ambazo vichwa hivyo vingeweza kushika. Kalsiamu ikiingia hujishikiza kwenye troponini, nayo huusukuma uzi huo kando. Njia imefunguka.

Kichwa cha miosini huwa kimekwisha kujiandaa: kimeivunja ATP kuwa ADP na fosfeti, na nishati yake imekiinua tayari kwa kuvuta. Kikishika aktini, fosfeti huachiliwa, kichwa hujikunja, na uzi wa aktini husogea takriban nanomita 10 kuelekea katikati ya sakomea. ADP nayo hutoka, lakini kichwa kinabaki kimeng'ang'ania. Hakiachi mpaka ATP nyingine ije ijishikize kwake. Kikishaachia, huivunja ATP hiyo, hujiinua na kushika mbele zaidi. Vichwa havivuti vyote kwa pamoja; hufanya kama wavuvi wanaovuta kamba ya jarife, baadhi wakishikilia huku wengine wakisogeza mikono, ili kamba isirudi nyuma. Hivyo nyuzi zenyewe hazifupiki. Huteleza na kuingiliana, na sakomea ndiyo inayofupika. Maelezo haya ya kuteleza yalitolewa mwaka 1954 na makundi mawili ya watafiti: Hugh Huxley na Jean Hanson, na pia Andrew Huxley na Rolf Niedergerke.

Amri ya neva ikikoma, pampu za ghala hurudisha kalsiamu ndani, tropomiosini hurejea mahali pake, na msuli hulegea. Pampu hizo pia hutumia ATP. Kwa hiyo ATP inahitajika kwa kulegea kama inavyohitajika kwa kuvuta, na ushahidi ulio wazi kabisa huonekana baada ya kifo. Mbuzi akichinjwa, nyama yake kwanza huwa laini, kwa kuwa seli bado zina akiba ya kutengeneza ATP. Baada ya saa chache akiba huisha: kalsiamu huvuja bila kurudishwa, vichwa hushika aktini, na hakuna ATP ya kuviachisha. Mzoga hukakamaa ingawa hakuna neva inayotuma amri yoyote. Ukakamavu huo huisha baadaye si kwa sababu vichwa vimeachia kwa kawaida, bali kwa sababu vimeng'enya vya ndani ya seli vimeanza kuzivunja protini zenyewe.