Sekunde Kumi Kabla ya Jibu

Mpwa wangu wa darasa la sita alikuwa ameketi mkekani, simu mkononi, anatazama video za chemsha bongo. Swali lilitokea kwenye kioo na chini yake saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma: kumi, tisa, nane. Hakusema neno. Jibu lilipotokea akaruka: "Nilijua!" Nikamuuliza kama alijua, mbona hakulitaja. "Lilikuwa moyoni, mjomba." Likaja swali la pili, kisha la tatu, na kila mara alijua baada ya kuambiwa.

Hakuwa anadanganya. Jibu likishaonekana, huwa jepesi kiasi kwamba mtu huamini kwa dhati alikuwa nalo tangu mwanzo. Mimi hutengeneza video za namna hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi, na kwangu hapo ndipo kazi yote ilipo: katika zile sekunde chache kati ya swali na jibu. Mtazamaji asipokisia kitu mahususi ndani ya sekunde hizo, ametazama tu.

Wazee waliotufundisha vitendawili walilijua hili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wote huitika "Tega!" Anatega, watu wanajaribu, mmoja anasema hiki, mwingine kile, na kila jibu linasikika barazani. Wakishindwa, jibu halitolewi bure. Mtegaji hudai mji. Akipewa Mombasa au Tabora, huanza kusimulia alivyofika huko, alivyokaribishwa na alivyokula, ndipo anapotegua. Mji ule ni malipo ya kushindwa, na aliyeutoa hawezi tena kusema alijua. Safari ya mtegaji nayo huongeza muda: msikilizaji bado anahangaika na fumbo huku mwenzake anakula pilau ya mjini.

Kwenye simu hakuna mji wa kutoa, kwa hiyo muda na maneno ya kwenye kioo lazima vifanye kazi hiyo. Nichukue swali moja nililowahi kulitengeneza, kwa kufuata fumbo maarufu ambalo watafiti wa fikra wamelitumia kwa miaka mingi:

Daftari na kalamu vimenunuliwa kwa jumla ya shilingi 2,400. Bei ya daftari imezidi ya kalamu kwa shilingi 2,000. Kalamu ni shilingi ngapi?

Nikilisoma kwa sauti bila haraka, linachukua kama sekunde 9. Katika toleo langu la kwanza niliweka saa ya sekunde 10 ianze mara tu maneno yanapotokea, kama nilivyoona wengine wakifanya. Piga hesabu: mtoto anamaliza kusoma, imebaki sekunde 1.

Sekunde 1 ina historia yake. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi katika shule za msingi na mwaka 1974 akaeleza kwamba walimu, wakishauliza swali, walisubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine, kurudia swali au kujibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yakawa marefu, ukimya wa kushindwa kujibu ukapungua, na waliokuwa hawanyanyui mikono wakaanza kujitokeza. Nami, pamoja na saa yangu nzuri ya duara, nilikuwa nimemrudia mwalimu yule wa sekunde moja.

Dawa ni kuhesabu muda kuanzia pale usomaji unapoisha. Sasa swali hukaa peke yake kwa sekunde 10, bila saa wala mlio. Ndipo saa huanza, sekunde 12, huku swali likibaki juu ili asiyelishika alisome tena. Kwa fumbo la kukumbuka tu, kama jina la mto, sekunde 5 hunitosha. Hili la daftari linadai zaidi, kwa sababu jibu la kwanza linalokuja kichwani ni 400, nalo huja upesi sana. Saa fupi humnasa mtu kwenye 400 tu, haimwachi alitilie shaka. Mlio wa tiki-tiki nao niliuondoa, maana niliona watoto wakiusikiliza wenyewe wakaacha kuhesabu.

Na saa inapoanza, maneno hutokea: "Andika jibu lako sasa, kisha weka kalamu chini." Nilipomwekea mpwa wangu toleo hilo na karatasi magotini, neno "nilijua" lilikoma siku hiyohiyo.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza: huoni kwamba mtoto akiandika jibu baya, baya ndilo litakalomganda? Ni hofu ya haki. Nate Kornell na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2009, waliwapa watu jozi za maneno yenye uhusiano wa mbali, mfano nyangumi na mamalia. Baadhi ya jozi zilionyeshwa kamili kwa sekunde 13. Nyingine zilionyesha neno la kwanza tu kwa sekunde 8, mtu akisie la pili, kisha jozi kamili kwa sekunde 5. Karibu makisio yote yalikuwa mabaya. Hata hivyo, walipopimwa baadaye, watu walikumbuka vizuri zaidi zile jozi walizokisia na kukosea, ingawa jibu lenyewe walilitazama kwa muda mfupi zaidi.

Lakini kuna mpaka. Faida hii huonekana pale swali na jibu vinapohusiana. Maneno yasiyohusiana hata kidogo hayaipati kwa namna hiyo. Ndiyo maana siweki maswali ya "nimefikiria namba, itaje". Hapo mtoto hana njia ya kuitafuta, anarusha jiwe gizani.

Kinachobaki ni kutegua, na hapa ndipo video nyingi huharibu kazi yote ya mwanzo. Jibu hutupwa kwa sekunde 2: "200!", muziki, swali linalofuata. Aliyeandika 400 anabaki akidhani video imekosea. Huyo ndiye mtu ninayemtaka zaidi. Brady Butterfield na Janet Metcalfe walionyesha mwaka 2001 kwamba kosa ambalo mtu alikuwa na uhakika nalo sana, akisahihishwa, hurekebishika kwa urahisi zaidi kuliko lile alilobahatisha. Mshangao humwamsha. Lakini lazima aone kosa lake lilipo.

Kwa hiyo sianzi na 200. Sekunde ya 22 saa inapofika sifuri, kioo huonyesha 400, na chini yake hesabu inajiandika taratibu: kalamu 400, daftari 2,400, jumla 2,800. Nasimama hapo sekunde 4 bila kusema kitu. Kisha 400 inakatwa mstari na hesabu inaanza upya: toa 2,000 kwenye 2,400, zinabaki 400, na hizo ni bei ya kalamu mara mbili. Kalamu 200, daftari 2,200.

Katika zile sekunde 4 za ukimya, mpwa wangu, aliyekuwa ameandika 400 kwa tarakimu kubwa na kuizungushia duara, aliinama akaokota kalamu aliyokuwa ameiweka chini.