Panya Anayetokea Chooni

Maji yanayotuama kwenye kona ya bomba la choo huzuia harufu, si panya. Panya wa mitaroni hupiga mbizi, akapenya kona hiyo na kuibukia bakulini. Bomba la inchi 4 kwake ni korido.

Kizuizi cha kweli hufungwa ndani ya chemba: kilango cha chuma kisichoshika kutu, chenye bawaba juu, kinachofunguka upande yanakoelekea maji tu. Panya akikisukuma kutoka upande wa mtaro, kinazidi kujifunga. Lakini nepi au mafuta yaliyoganda yakikikwamisha wazi, hakina kazi. Choo kikianza kushuka polepole, fundi afunue chemba akisafishe. Bomba lililoachwa bila matumizi nalo lizibwe, maana huko hakuna kilango.