aptX Iliyoandikwa Kwenye Boksi

Shemeji yangu alirudi kutoka Kariakoo na hedifoni mpya za Bluetooth, bei karibu mara mbili ya zile za zamani. Sababu ya bei hiyo, alivyoelezwa dukani, ni neno moja lililoandikwa kwa wino wa fedha ubavuni mwa boksi: aptX. Jioni akaniletea. “Shem, hebu sikiliza wewe. Mbona naona zile za zamani ndizo nzuri?” Nikacheka, nikidhani ni uchungu wa hela. Kisha nikaangalia simu aliyoishika. Ni iPhone. Kicheko kikaniisha.

Muziki wenye ubora wa sidii hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na kazi hiyo hufanywa mara mbili, kwa sikio la kulia na la kushoto. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Bluetooth inagombea hewa na Wi-Fi ya jirani, na ukiiweka simu mfuko wa nyuma mwili wako nao unaizuia, kwa hiyo mzigo huo mzima ungefika umekatikakatika. Ndiyo maana simu huubana muziki kabla ya kuutuma, na hedifoni huubanua. Namna ya kubana na kubanua ndiyo inayoitwa kodeki, na ni lazima pande zote mbili ziijue. Zikishaungana, hedifoni hutaja kodeki inazozijua, na simu huchagua moja ambayo nayo inaijua. Zisipoafikiana popote pengine hurudi kwenye SBC, kwa kuwa hiyo ni ya lazima kwa kila kifaa cha kusikilizia muziki kwa Bluetooth.

SBC inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Inaigawa sauti katika mikanda ya masafa, kwa kawaida minane, kisha inagawia kila mkanda biti kutoka kwenye fungu moja. Ukubwa wa fungu hilo haukuwekwa mara moja kwa wote. Hedifoni hutaja kikomo chake, na simu huchagua kiasi kisichozidi hapo. Fungu likiwa kubwa, SBC hufika kilobiti 328 kwa sekunde, na hapo watu wengi hawatasikia kasoro. Fungu likibanwa, iwe ni kwa sababu ya hedifoni duni au mawimbi dhaifu, hushuka hadi 229 au chini zaidi. Kuijua hali hiyo, weka wimbo wa muziki wa dansi wenye matoazi mengi, kisha sikiliza mlio wa toazi unavyofifia. Ukisikia kama mchanga unapepetwa kwenye ungo badala ya shaba inayolia, biti zimepungua.

aptX ina historia ndefu kuliko Bluetooth yenyewe. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, miaka ya 1980, na vituo vya redio viliitumia kusafirisha sauti kabla ya kuwapo hedifoni zisizo na waya. Leo ni mali ya Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu. Hesabu yake ni nyepesi. Inachukua vipimo vinne vyenye jumla ya biti 64 na kuvirudisha kuwa 16, yaani robo kamili, kwa hiyo ile 1,411 inakuwa kilobiti 352 hivi kwa sekunde, haipandi wala haishuki. Hizo 16 zinagawiwa mikanda minne. Mkanda wa chini, ambamo zimo sauti za waimbaji na karibu ala zote, unapata 8. Unaofuata unapata 4, na miwili ya juu, ya michirizi ya matoazi, inapata 2 kila mmoja. Haijali wimbo ni wa aina gani. Badala ya kuandika kila kipimo, inakisia kipimo kijacho na kuandika tu imekosea kwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo haihitaji nguvu nyingi za simu, na simu mbili tofauti zikituma kwa aptX hutoa matokeo yaleyale.

AAC imeshika njia nyingine. Inatumia udhaifu wa sikio: ngoma kubwa ikipigwa, sauti ndogo zilizo karibu nayo kwa masafa hazisikiki kwa nukta hiyo, basi AAC hazihangaikii. Ndiyo maana kwa kilobiti 256 hivi inaweza kutoa sauti safi kabisa. Tatizo ni kwamba kuamua nini sikio halitasikia ni kazi nzito, na ubora unategemea nani aliyeandika programu ya kubana. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa vizuri. Kwenye Android inategemea mtengenezaji wa simu, na wengine hukata sauti za juu au hupunguza biti ili kuokoa chaji. Jina ni lilelile, ladha tofauti.

Turudi kwa shemeji. iPhone inajua SBC na AAC tu. AptX haijawahi kuiwekwa. Lakini hilo peke yake halielezi kwa nini hedifoni mpya zishindwe na za zamani. iPhone haina ukurasa wa kukuonyesha kodeki inayotumika, kwa hiyo nikaziunganisha hedifoni na simu yangu ya Android. Kwenye mipangilio, sehemu ya About phone, niligusa Build number mara saba, ikafunguka Developer options, humo ndani nikatafuta Bluetooth Audio Codec. Orodha ikaonyesha SBC na aptX zikiwa wazi. AAC ilikuwa kijivu, haibonyezeki. Hedifoni za bei ile hazikuwa na AAC kabisa. Zikiungana na iPhone zilikuwa zinaangukia SBC, wakati zile za zamani, nilipozijaribu, zilionyesha AAC. Masikio yake yalikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwenye iPhone asome boksi akitafuta AAC, na neno aptX asililipie hata shilingi. Mwenye Android aanze na simu, si hedifoni. Simu nyingi zenye chipu za Qualcomm zina aptX. Nyingi za bei nafuu zenye chipu za MediaTek au Unisoc hazina, na hapo hedifoni ya aptX ni sawa na kununua kufuli lenye funguo mbili wakati mlango huna. Ikiwa Android yako ina AAC lakini huiamini, badilisha iwe SBC kwenye orodha ileile na usikilize toazi. Mara kadhaa nimebaki na SBC bila kinyongo. Jihadhari tu, simu nyingi hurudia chaguo lake la awali ukizima hedifoni na kuwasha tena. Na aptX HD au aptX Adaptive ni kodeki nyingine, kila moja inatakiwa iwepo pande zote mbili.

Tulibadilishana. Yeye akachukua hedifoni zangu zenye AAC na kuniongezea kidogo, mimi nikabaki na zake, ambazo kwenye simu yangu zinatumia aptX kama boksi lilivyoahidi. Siku ya pili akanipigia kupitia zile nilizompa. “Shem, muziki safi, ila mbona sauti yako kama unaongea ndani ya ndoo?” Nikamwambia hilo silo la kubadilishana: simu ikipigwa, kipaza sauti kikiwashwa, Bluetooth huacha kodeki hizi za muziki na kuhamia nyingine za maongezi, zenye masafa finyu. Kata simu, wimbo utarudi kama ulivyokuwa.